Kusoma Mita Kutoka Kwenye Picha ya Daftari

Katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam mita ya LUKU ni moja, lakini wapangaji ni watano au sita. Ili kila mmoja alipe alichotumia, mwenye nyumba hufunga mita ndogo kwa kila chumba, zile ambazo mafundi huziita sabmita, na bomba la maji nalo huwa na mita yake karibu na geti. Mwanzoni mwa mwezi mtu mmoja hupita na daftari, husoma mita moja baada ya nyingine, huandika tarehe na namba, kisha hupiga picha ukurasa na kuutuma kwa simu kwa mtu anayepiga hesabu. Huyu wa pili hana mita mbele yake. Alicho nacho ni picha ya mwandiko wa mtu mwingine, na hapo ndipo anapaswa kupata uniti za kila chumba, na kujua ni namba ipi kati ya alizosoma isiyoweza kuwa kweli.

Namba iliyoandikwa daftarini si matumizi ya mwezi. Ni jumla ya kila kilichopita kwenye mita tangu ilipoanza kuzunguka, kama namba ya kilomita kwenye dashibodi ya gari. Matumizi hupatikana kwa kutoa: namba ya leo, toa namba ya safari iliyopita. Kwa sababu hiyo kila namba hutumika mara mbili, mara ya kwanza ikifunga mwezi mmoja na mara ya pili ikifungua mwezi unaofuata. Ikikosewa, mwezi mmoja huzidi na mwingine hupungua kwa kiasi kilekile, na jumla ya miezi miwili hubaki sahihi. Karibu kila njia ya kugundua kosa kwenye ukurasa wa mita inatoka hapo: namba haisomwi peke yake, husomwa ikiwa katikati ya ile iliyoitangulia na ile iliyoifuata.

Kabla ya hesabu kuna picha yenyewe. Picha nzuri hupigwa kutoka juu moja kwa moja, mwanga ukiingia kutoka dirishani pembeni, flashi ikiwa imezimwa, kwa kuwa flashi huacha doa jeupe katikati ya ukurasa na mara nyingi doa hilo huangukia namba. Pembe nne za ukurasa zionekane, pamoja na kichwa kinachosema mita ni ya chumba gani. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na mistari myembamba ya kalamu hufifia. Ikitumwa kama faili hufika ilivyo. Jambo moja husahaulika sana: ukurasa mpya ukianza, mstari wa mwisho wa ukurasa wa zamani nao upigwe picha, la sivyo namba ya kwanza ya ukurasa mpya haina ya kutolewa.

Kisha mwandiko. Tarakimu zinazochanganywa zinajulikana: 1 na 7, 4 na 9, 0 na 6, 3 na 8, 5 na 6. Daftari la hesabu lenye viboksi huongeza shida, maana mstari wa boksi ukipita katikati ya 0 huifanya ifanane na 8, na ukipita juu ya 1 huigeuza 7. Lakini ukurasa wa mita una msaada ambao barua ya kawaida haina. Tarakimu za mbele za mita hazibadiliki kwa miezi mingi. Kama mita iko kwenye elfu nane na ushee, kila mstari unaanza na 8, na tarehe nazo zimejaa 1, 2 na 3 ambazo hazina utata. Kabla ya kusoma tarakimu yenye shaka, msomaji makini hukusanya kwanza zile zisizo na shaka: hivi ndivyo mwandishi huyu anavyochora 1, hivi ndivyo anavyochora 7, anaipiga 7 kistari au haipigi, 4 yake imefunguka juu au imefunga. Baada ya mistari mitano mwandiko wa mtu huyo hausumbui tena.

Namba iliyofutwa nayo ina habari. Mtu akipiga mstari juu ya namba na kuandika nyingine pembeni, inayotumika ni ile ya mwisho, lakini zote mbili zinakiliwa, kwani mara nyingine aliyefuta ndiye aliyekosea. Kistari kilichowekwa mahali pa namba, au alama mbili ndogo za kumaanisha “kama hapo juu”, si sifuri. Huenda mlango ulikuwa umefungwa na mita haikusomwa. Mahali hapo huachwa wazi, na hesabu inaruka hadi mstari unaofuata wenye namba.

Tarehe ni nusu ya kazi, na watu wengi huipuuza. Daftari la Kiswahili linatanguliza siku kisha mwezi: 4/5 ni tarehe nne Mei. Kompyuta iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani huisoma kama Aprili 5, na haitoi onyo lolote. Dalili yake ni kwamba tarehe zenye siku inayozidi 12, kama 13/3, hubaki kama maandishi upande wa kushoto wa kiboksi huku nyingine zikihamia kulia na kuvuruga mfuatano. Nyingine za kukataa papo hapo ni 31/4 na 30/2, pamoja na tarehe inayorudi nyuma ya mstari uliotangulia. Mwaka usipoandikwa huchukuliwa kutoka kichwa cha ukurasa, si kwa kukisia.

Mfano ufuatao ni wa mita ndogo ya umeme ya chumba kimoja, mwaka 2025. Uso wa mita hii una magurudumu matano meusi ya uniti nzima na moja jekundu la sehemu ya kumi ya uniti. Msomaji wa mita anatakiwa kuandika meusi peke yake. Safu ya pili ni namba kama zilivyo daftarini, bila kurekebishwa.

| Tarehe | Iliyoandikwa | Siku | Uniti | Kwa siku |
|---|---|---|---|---|
| 2/1 | 08364 | – | – | – |
| 1/2 | 08427 | 30 | 63 | 2.1 |
| 3/3 | 08419 | 30 | -8 | – |
| 1/4 | 08549 | 29 | 130 | 4.5 |
| 4/5 | 086173 | 33 | 77,624 | 2,352 |
| 1/6 | 08676 | 28 | -77,497 | – |

Siku zimepatikana kwa kutoa tarehe kwa tarehe, bila kuhesabu siku ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Zinatofautiana, kuanzia 28 hadi 33, na ndiyo sababu safu ya “kwa siku” ndiyo ya kulinganisha, si safu ya uniti. Mtu aliyesoma mita baada ya siku 33 atamkuta mpangaji amezidisha matumizi, kumbe aliyezidi ni muda.

Kwenye Excel, tarehe zikiwa safu ya A na namba safu ya B kuanzia mstari wa pili, hesabu nzima ni hii:

```
=A3-A2
=B3-B2
=(B3-B2)/(A3-A2)
```

Namba zinakiliwa mara mbili: safu moja kama maandishi, pamoja na sifuri za mbele, na nyingine kama namba ya kukokotolea. Inaonekana kama kazi ya bure, lakini ina sababu. Jedwali la kompyuta huimeza sifuri ya mbele. Daftarini, 086173 ina tarakimu sita wakati wenzake wana tano, na jicho hulikamata hilo mara moja. Ikishaandikwa kama namba inakuwa 86173, tarakimu tano, inakaa vizuri kabisa kana kwamba haina tatizo.

Sasa lipi haliwezekani? Mpaka wa chini ni rahisi: mita nzima ya umeme ya namna hii haipungui, kwa hiyo matumizi yaliyo chini ya sifuri yanakataliwa. Mpaka wa juu unatoka kwenye breka ya chumba. Breka ya ampea 20 kwenye umeme wa volti 230 huruhusu wati 4,600, yaani kilowati 4.6. Chumba kikivuta kiasi hicho saa 24 bila kupumzika, kitatumia takriban uniti 110 kwa siku. Hakuna chumba kinachoishi hivyo, lakini ndiyo faida ya mpaka huu: hautegemei tabia ya mpangaji wala maoni ya mwenye nyumba. Kilicho juu ya 110 kwa siku hakingeweza kupita kwenye waya ule. Uniti 2,352 kwa siku ni zaidi ya mara ishirini ya mpaka, kwa hiyo namba ya 4/5 ni kosa bila mjadala.

Uniti 4.5 kwa siku ni habari nyingine. Zinawezekana kabisa: mpangaji akinunua jiko la umeme au akianza kutumia pasi kila asubuhi atazifikia. Chumba hiki kimezoea uniti mbili, basi namba hiyo inawekewa alama ya shaka, si alama ya kukataliwa. Kuchanganya alama hizi mbili kunaharibu kazi yote. Mpangaji anayeambiwa kwamba matumizi yake halisi “hayawezekani” ana haki ya kukasirika, na mwenye nyumba anayeletewa namba isiyowezekana ikiwa imeitwa “kubwa kidogo” ataidai.

Baada ya kuwekewa alama, makosa huanza kujieleza yenyewe. Mei na Juni ni jozi: moja imezidi mno, nyingine imepungua mno. Zikijumlishwa, 77,624 na -77,497 zinaacha uniti 127 kwa siku 61, sawa na 2.1 kwa siku, kiwango kilekile cha mwezi wa kwanza. Hivyo namba za pembeni, 08549 na 08676, ni nzima, na mgonjwa ni ile ya katikati. Tarakimu yake ya ziada inaonyesha kilichotokea: msomaji aliandika na gurudumu jekundu. Mita ilikuwa 08617 na tatu ya kumi.

Jozi ya Machi ni ya kuvutia zaidi kwa sababu picha haina kosa lolote. Mwandiko ni safi, 08419 inasomeka hata ukiishika simu mbali, na hakuna anayeweza kulaumu macho ya mpiga hesabu. Lakini kati ya 1/2 na 3/3 mita imerudi nyuma uniti 8, na mwezi uliofuata umepanda hadi 130. Jumla yake ni 122 kwa siku 59, yaani 2.1 kwa siku tena. Kwa mwendo huo, tarehe 3/3 mita ilipaswa kuwa karibu na 08489. Namba iliyo jirani na hiyo, na iliyoundwa kwa tarakimu zilezile za daftarini, ni 08491. Msomaji aliitazama mita, akaibeba namba kichwani hatua tatu hadi lilipo daftari, na njiani 9 na 1 zikabadilishana viti.

Kosa la namna hii lina alama yake kwenye hesabu. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana, tofauti kati ya namba sahihi na yenye kosa siku zote hugawanyika kwa 9. Hapa 8491 toa 8419 ni 72, yaani 9 mara 8. Kosa la kusoma tarakimu moja vibaya huacha alama tofauti: 3 ikisomwa 8 kwenye nafasi ya mamia, tofauti ni 500 kamili. 1 ikisomwa 7 kwenye makumi, ni 60. Kwa hiyo ukubwa wa pengo husaidia kujua kama jicho lilikosea kwenye picha au mkono ulikosea kwenye mita, na hilo ndilo huamua kama inafaa kuirudia picha au kumrudia mtu.

Ipo sehemu ambayo hesabu haifiki. Kama 08427 ya Februari ingesomwa 08421, mwezi wa kwanza ungekuwa na uniti 57 badala ya 63. Hakuna mpaka ungevukwa na hakuna alama ingewekwa. Kosa kwenye tarakimu ya mwisho hujificha ndani ya tofauti za kawaida za maisha, na kinga yake ni ile ya mwanzo: kulinganisha 1 na 7 za mwandishi huyohuyo. Kwa mpangaji anayeendelea kukaa, hasara si kubwa, maana uniti sita alizopunjiwa mwezi huu zitamrudia mwezi ujao. Mpangaji akihama ndipo mambo hubadilika. Namba ya siku ya kuhama haina mwezi unaofuata wa kuisahihisha kwa mtu yuleyule, na kosa lake linahamia moja kwa moja kwa mpangaji mpya ambaye hakuwasha hata taa. Kwa siku hiyo daftari halitoshi. Inapigwa picha ya mita yenyewe, magurudumu yote yakionekana pamoja na namba ya mita, mbele ya anayetoka na, ikiwezekana, anayeingia.

Maji yana tabia zake. Mita ya maji, au dira kama mamlaka za maji zinavyoiita, huhesabu mita za ujazo, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Tarakimu nyeusi ni uniti nzima, na nyekundu ni sehemu zake. Msomaji akiandika nyeusi na nyekundu tatu kwa pamoja, namba huzidi mara elfu, kosa ambalo halihitaji utaalamu kulitambua. Akiandika nyekundu moja tu, huzidi mara kumi, na hapo familia ya uniti 18 kwa siku 30, yaani lita 600 au ndoo 30 kubwa kwa siku, inaonekana kama imefungua kiwanda cha kuosha magari.

Mpaka wa juu wa maji hutoka kwenye uso wa mita. Mita ikiandikwa Q3 2.5, imetengenezwa kupitisha mita za ujazo 2.5 kwa saa katika kazi ya kawaida, kwa hiyo 60 kwa siku ni kiwango ambacho nyumba haiwezi kukikaribia. Lakini chini ya mpaka huo mpiga hesabu anatakiwa kuwa mpole kuliko kwenye umeme, kwa sababu maji huvuja. Boya la tangi la choo lililokwama linaweza kumwaga usiku na mchana bila mtu kusikia, na matumizi yakawa mara tatu ya kawaida huku kila namba ikiwa sahihi. Dawa ya shaka hiyo iko getini: bomba zote zifungwe, kisha itazamwe ile nyota ndogo inayozunguka kwenye uso wa mita. Ikiendelea kuzunguka, namba ni ya kweli na maji yanapotea.

Tena, tofauti na umeme, namba ya maji inaweza kurudi nyuma bila mtu kukosea. Kwenye mitaa yenye mgao, maji yakikatika yaliyo bombani yanaweza kuvutwa kurudi, na mita isiyo na vali ya kuzuia huzunguka kinyume kidogo. Yakirejea, hewa hutangulia kwa kasi na kuisukuma mbele, ndiyo maana watu husema mita inasoma upepo. Kupungua kwa uniti moja katika mwezi ambao maji hayakutoka kunaweza kuwa kweli. Kupungua kutoka 0488 hadi 0003 ni mita mpya, na daftari linapaswa kuwa na namba mbili za siku hiyo: ya mwisho ya mita ya zamani na ya kwanza ya mpya. Wapo wanaodhani mita imezunguka na kuanza upya, lakini mita yenye tarakimu nne nyeusi kwa mwendo wa uniti 18 kwa mwezi ingehitaji miaka 46 kufika 9999.

Mtego mmoja wa umeme umebaki, nao ni wa LUKU yenyewe. Kioo cha mita ya kulipa kabla huonyesha uniti zilizobaki, na hizo hupungua kadiri zinavyotumika. Mtu akiandika hizo, safu nzima itaonekana haiwezekani hali kila namba ni sahihi. Hapo hesabu ni nyingine: zilizokuwapo, jumlisha zilizonunuliwa, toa zilizobaki. Nyumba iliyoanza na uniti 41.6, ikanunua 70, na kubaki na 18.3 imetumia 93.3. Namba hii pia huzipima mita ndogo, kwani jumla ya vyumba vyote haiwezi kuzidi kilichopita kwenye LUKU inayovilisha. Ikizidi kwa zaidi ya uniti chache, kuna chumba kilichosomwa vibaya hata kama hakuna mstari wake uliowekewa alama.

Namba iliyothibitika kuwa kosa haifutwi. Safu ya “iliyoandikwa” hubaki na 08419, safu ya pembeni hupata 08491 pamoja na neno “kadirio” na sababu yake, ili yeyote atakayefungua jedwali mwakani aone daftari lilisema nini na nani alibadilisha nini. Mita ya leo haiwezi tena kuonyesha ilisoma ngapi Machi 3, kwa hiyo kadirio hilo halitageuka kuwa ushahidi hata likionekana zuri namna gani. Njia ya haki ya kumtoza mpangaji kwa miezi hiyo ni kuiunganisha: uniti 122 kuanzia 1/2 hadi 1/4, zikitegemea namba mbili ambazo hakuna anayezibishia. Ikilazimu kuzigawa, hugawanywa kwa siku, na siku 30 za kwanza zinapata uniti 62, siku 29 zilizobaki uniti 60.